Mwayo wa mwenzako: ni huruma, au ni macho tu?

Huenda kabla hujafika mwisho wa makala hii utakuwa umepiga miayo mara moja au mbili, na lawama zisije kwangu peke yangu. Kulisoma tu neno lenyewe kunatosha. Robert Provine, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeanza kuichunguza miayo kwa makini miaka ya 1980, aliona kwamba mtu anaweza kuambukizwa mwayo kwa kuuona, kwa kuusikia, kwa kusoma habari zake, hata kwa kuuwaza tu akiwa peke yake.

Ninachotaka kukitazama hapa ni dai moja ambalo limeshakuwa kama ukweli mitandaoni: kwamba ukimwona mwenzako akipiga miayo na wewe usimfuate, basi moyo wako ni mgumu. Wapo wanaolisogeza mbele zaidi na kusema asiyeambukizwa mwayo ana dalili za ukatili. Nimewahi kumsikia mtu akimpima mchumba wake kwa njia hiyo, na matokeo hayakuwa mazuri kwa mchumba. Dai hili halikuzuka hewani. Limetoka kwenye tafiti halisi za wanasayansi wenye sifa. Ila njiani, kati ya kile kilichoonekana na kile kinachosemwa, kuna hatua moja iliyorukwa.

Kwanza tujiridhishe kwamba uambukizo wenyewe upo. Swali hili si la kipuuzi. Watu waliokaa chumba kimoja wameamka saa zinazokaribiana, wamekula pamoja, wanavuta hewa ileile, na wamechoshwa na mzungumzaji yuleyule. Miayo yao inaweza kufuatana bila mmoja kumwambukiza mwenzake, kama watu wawili wanaotoka nje wakati mmoja na kufungua miavuli: hawaigani, wamenyeshewa mvua moja. Mwaka 2017 watafiti Rohan Kapitány na Mark Nielsen walilisukuma swali hili waziwazi, wakidai kwamba sehemu ya kile tunachokiita uambukizo ni akili yetu kuunganisha matukio yaliyosadifiana tu.

Dawa ya tatizo hilo ni kuwa na kundi la kulinganisha, na Provine alikuwa nalo tangu jaribio lake lililochapishwa mwaka 1986. Aliwaonyesha watu video ya dakika tano yenye mtu anayepiga miayo tena na tena. Wengine aliwaonyesha video kama hiyo, lakini mtu aliyemo anatabasamu. Kati ya waliotazama miayo, asilimia 55 walipiga miayo. Kati ya waliotazama tabasamu, asilimia 21. Hiyo 21 ndiyo namba ya kuishika. Ni watu waliopiga miayo bila kuona mwayo wowote, pengine kwa sababu ya kukaa kimya mbele ya skrini. Tukiitoa, inabaki asilimia 34 inayoweza kuhusishwa na mwayo wenyewe. Kwa hiyo uambukizo upo, na si mdogo. Lakini tazama na upande wa pili: asilimia 45 walikaa dakika tano wakimtazama mtu akiachama na hawakumfuata. Kama kutofuata ni ugumu wa moyo, basi karibu nusu ya watu wa kawaida ni wagumu wa moyo.

Jaribio jingine la Provine lina uzito kuliko linavyoonekana. Wengi wetu tungedhani kinachoambukiza ni mdomo ulioachama. Provine aliufunika mdomo kwenye picha na kuacha sehemu nyingine za uso zionekane. Mwayo uliendelea kuambukiza. Mdomo ulioachwa peke yake bila uso, kinyume chake, haukuwa na nguvu hiyo. Bila macho yaliyofumba na shavu lililovutwa, mdomo ulio wazi unaweza kuwa wa mtu anayeimba au anayepiga kelele. Ndiyo maana kuziba mdomo kwa kiganja ni adabu nzuri lakini si kinga. Kinachotusoma, au tuseme tunachokisoma, ni uso mzima, hasa eneo la macho. Jambo hili nitalirudia.

Kabla ya hapo, niondoe njiani maelezo tuliyofundishwa wengi utotoni: kwamba tunapiga miayo kwa sababu oksijeni imepungua chumbani. Mwaka 1987 Provine na wenzake waliwapa watu hewa ya oksijeni tupu, kisha hewa iliyoongezewa kabonidioksaidi kwa asilimia 3 na asilimia 5. Hewa yenye kabonidioksaidi iliwafanya wapumue haraka, lakini idadi ya miayo haikubadilika. Oksijeni tupu nayo haikuipunguza. Hata mtoto aliye tumboni, ambaye hapumui hewa kabisa, hupiga miayo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Durham walionyesha hilo kwa picha za ultrasaundi mwaka 2012. Huo ni mwayo wa mtu peke yake. Mwayo wa kuambukizwa ni suala jingine: watoto wengi hawauonyeshi kwa uwazi hadi wafike karibu miaka minne au mitano.

Umri huo ndio uliofungua mlango wa nadharia ya huruma. Miaka minne hadi mitano ni wakati ambapo mtoto anaanza kuelewa vizuri kwamba mwenzake naye ana mawazo na hisia zake, tofauti na za kwake. Watafiti wakajiuliza: je, si ajabu kwamba uwezo wa kuingia kwenye hisia za mwingine na mwayo wa kuambukizwa vinajitokeza pamoja? Mwaka 2007 kundi lililoongozwa na Atsushi Senju likaripoti kwamba watoto wenye usonji, ambao mara nyingi hupata ugumu katika kusoma hisia za wengine, waliambukizwa miayo kidogo kuliko watoto wengine. Mwaka 2011 Ivan Norscia na Elisabetta Palagi wakatoa utafiti ambao mpaka leo ndio nguzo kuu ya nadharia hii.

Kazi ya Norscia na Palagi ni nzuri, na sitaki kuionea. Hawakutumia video ya mtu asiyejulikana. Waliwatazama watu wazima 109 katika maisha yao ya kawaida, kwenye milo, safarini, kazini, na kuandika nani amepiga mwayo, nani alikuwa karibu, nani amefuata, na baada ya muda gani. Wakakusanya matukio 480. Kilichotabiri uambukizo vizuri zaidi kilikuwa ukaribu wa watu wawili. Ndugu waliambukizana zaidi, wakifuatiwa na marafiki, kisha watu wanaofahamiana, na mwisho watu wasiojuana. Hata muda wa kusubiri ulikuwa mfupi kwa walio karibu. Mwaka huohuo Matthew Campbell na Frans de Waal wakaonyesha jambo linalofanana kwa sokwe: walipiga miayo zaidi walipoonyeshwa video za sokwe wa kundi lao kuliko za sokwe wageni.

Ushahidi huu unavutia, na ninaelewa kwa nini habari ilisambaa. Anayenijali ananifuata, asiyenijali hanifuati. Hatua iliyorukwa ni hii: ili mwayo wako uniambukize, lazima kwanza niuone.

Chukua mfano wa kubuni, wenye namba rahisi. Umekaa kwenye basi, dada yako kushoto, mgeni kulia. Kila mmoja anapiga miayo mara kumi safarini. Dada yako unaongea naye, unamgeukia, kwa hiyo kati ya miayo yake kumi umeitazama usoni minane. Mgeni unamkwepa macho kwa heshima, na kati ya miayo yake kumi umeona minne. Sasa tuseme kila mwayo unaouona una nafasi ya nusu kwa nusu ya kukuambukiza, bila kujali ni wa nani. Mwisho wa safari utakuwa umemfuata dada mara nne na mgeni mara mbili. Mtafiti aliyekaa kiti cha nyuma ataandika daftarini: uambukizo kwa ndugu asilimia 40, kwa mgeni asilimia 20. Ataona mara mbili ya tofauti, na atakuwa ameandika ukweli mtupu. Lakini ndani ya mfano huu hakuna hata tone la huruma. Kuna shingo iliyogeuka kushoto zaidi kuliko kulia.

Watafiti makini huandika kama mwenye kufuata alikuwa mahali ambapo angeweza kuuona mwayo. Ila kuweza kuona si kutazama. Na hapa ndipo jaribio la mdomo uliofunikwa linarudi: kama ujumbe umo kwenye eneo la macho, basi mtu anayetupa jicho haraka na kuliondoa, au anayetazama kidevu badala ya macho, amekosa sehemu yenye nguvu kuliko zote.

Kama maelezo haya ni sahihi, yanatoa utabiri unaopimika. Watoto wenye usonji wengi hawapendi kukaza macho yao kwenye macho ya mwingine. Basi wakihakikishiwa kwamba wanaangalia uso wakati mwayo unapotokea, tofauti yao na watoto wengine inapaswa kupungua au kutoweka. Kundi lilelile la Senju, safari hii kazi ikiongozwa na mtafiti Usui, lilifanya jaribio la namna hiyo na kulichapisha mwaka 2013. Walitumia kifaa kinachofuatilia mwelekeo wa macho, na mwayo uliletwa mtoto akiwa anatazama pale panapotakiwa. Watoto wenye usonji wakapiga miayo kama wengine. Kwangu mimi huu ndio ushahidi mzito kuliko wote katika mjadala huu, tena umetoka kwa watu walewale ambao matokeo yao ya awali yalikuwa yakitumika kuthibitisha kinyume. Ajabu ni kwamba utafiti wa 2007 bado unanukuliwa kila kona, na wa 2013 hausikiki.

Norscia na Palagi nao hawakukaa kimya. Mwaka 2020, pamoja na wenzao, walitoa matokeo mengine wakitumia miayo iliyosikika tu bila kuonekana. Bado ndugu na marafiki waliambukizana zaidi. Hoja yao ni kwamba hapa suala la kugeuza shingo halipo. Ni jibu zuri, na linapunguza nguvu ya mfano wangu wa basi. Halijaniondolea shaka yote, kwa sababu masikio nayo huchagua. Sauti ya mtu wako unaitambua hata katikati ya kelele, na sauti ya mgeni inapita kama upepo. Lakini nakiri kwamba baada ya utafiti huo siwezi kusema ukaribu hauna kazi yoyote ila kuelekeza macho.

Tukitoka kwenye ukaribu na kuja kwenye tabia ya mtu binafsi, nadharia ya huruma inayumba vibaya. Kama mwayo ni kipimo cha huruma, wenye huruma nyingi wanapaswa kuambukizwa zaidi. Alex Bartholomew na Elizabeth Cirulli wa Chuo Kikuu cha Duke walilipima hilo mwaka 2014 kwa watu 328, idadi kubwa kwa tafiti za aina hii. Kila mmoja alitazama video ya miayo ya dakika tatu na kuhesabu miayo yake, baada ya kujaza madodoso ya huruma, uchovu, usingizi na mengineyo. Watu 222 walipiga angalau mwayo mmoja, wengine wakifika hadi 15. Alama za huruma hazikutabiri nani ataambukizwa. Kitu pekee kilichoonyesha uhusiano wa maana kilikuwa umri, vijana wakiambukizwa zaidi, na hata huo ulieleza asilimia 8 tu ya tofauti kati ya mtu na mtu. Dodoso lina udhaifu wake, maana nani atajiandika kwamba hana huruma? Na mwayo wa kwenye video ni wa mgeni. Lakini mtu anayemhukumu mchumba wake kwa mwayo mmoja ana ushahidi dhaifu kuliko huo mara nyingi.

Hadithi ya mbwa ilifuata njia hiyohiyo. Mwaka 2008 ilitangazwa kwamba mbwa 21 kati ya 29 walipiga miayo baada ya kumtazama binadamu akipiga miayo. Mwaka 2013 ikaongezwa kwamba wanamfuata mwenye mbwa zaidi kuliko mgeni, na wapenda mbwa wakafurahi. Mwaka 2020 Patrick Neilands na wenzake walikusanya data za tafiti kadhaa na kuzichambua upya kwa pamoja. Mbwa kweli huambukizwa na binadamu. Ila dalili ya kumpendelea anayemfahamu haikuonekana.

Kama si huruma, basi ni nini? Nadharia ninayoipa nafasi zaidi inaanzia kwenye joto la ubongo. Andrew Gallup na baba yake, Gordon, walipendekeza mwaka 2007 kwamba mwayo hupoza ubongo: taya linaponyooka mtiririko wa damu kichwani hubadilika, na hewa inayovutwa kwa wingi huondoa joto. Walijaribu kwa njia rahisi kabisa. Watu walitazama video ya miayo huku wameshika kifurushi kwenye paji la uso. Kifurushi kilipokuwa cha moto au cha joto la chumba, asilimia 41 walipiga miayo. Kilipokuwa cha baridi, ni asilimia 9. Utabiri mwingine ulikuwa kwamba kuna kiwango cha hali ya hewa kinachofaa: kukiwa na joto kali, hewa ya nje haipozi kitu, kukiwa na baridi kali, hakuna haja. Mjini Tucson, Arizona, wapita njia walioonyeshwa picha za miayo waliambukizwa zaidi majira ya baridi kuliko kiangazi cha nyuzi 37. Mjini Vienna, ambako majira ya baridi yanakaribia kuganda, ikawa kinyume: asilimia 41.7 kiangazi dhidi ya 18.3 baridi. Nadharia inayotabiri mambo mawili yanayopingana, na yote mawili yakatokea, inastahili kusikilizwa.

Hata hivyo, kupoza ubongo kunaeleza kwa nini mimi napiga mwayo, si kwa nini wa kwako uniguse. Daraja kati ya hayo mawili ni wazo la kuzindukana. Mnyama anapiga miayo umakini wake unaposhuka. Wenzake wakimwona, hupokea taarifa kwamba mmoja wetu amelegea, na miili yao inajizindua. Mwaka 2021 Gallup na Kaitlyn Meyers waliwaonyesha watu video za miayo kisha wakawataka watafute picha ya nyoka katikati ya picha nyingine. Waliokwisha kuona miayo walimwona nyoka haraka zaidi. Kwa chura, ambaye hana hatari, hakukuwa na faida hiyo.

Mwaka huohuo Palagi, yuleyule wa nadharia ya huruma, na wenzake walichapisha uchunguzi wa simba wa porini huko Makalali, Afrika Kusini. Simba aliyemwona mwenzake akipiga mwayo alikuwa na uwezekano mara 139 zaidi wa kupiga mwayo ndani ya dakika tatu. Lakini kilichonivutia ni kilichofuata. Aliyeanzisha mwayo akisimama, aliyeambukizwa naye alielekea kusimama; akilala, naye alilala. Uwezekano wa kufanana hivyo uliongezeka mara 11. Kwa kundi linalowinda na kulinda watoto kwa pamoja, kuamka pamoja na kupumzika pamoja kuna faida iliyo wazi, na haihitaji simba yeyote amwonee mwenzake huruma.

Bado linabaki swali la wale asilimia 45 wa Provine. Jibu lililo karibu zaidi limetoka Chuo Kikuu cha Nottingham mwaka 2017. Stephen Jackson na wenzake waliwaonyesha watu wazima 36 video za miayo, mara wakiwaruhusu kupiga miayo, mara wakiwakataza. Kukatazwa kuliongeza hamu, na miayo ikawa ya kubanwa meno badala ya kuachama. Kisha wakapima, kwa mapigo ya sumaku nje ya fuvu, jinsi sehemu ya ubongo inayoongoza misuli inavyosisimka kwa urahisi. Vipimo hivyo vilieleza karibu nusu ya tofauti kati ya anayeambukizwa haraka na asiyeambukizwa. Linganisha na ile asilimia 8 ya umri. Mchumba aliyeshindwa mtihani pengine ana ubongo ambao hausukumi misuli yake kwa wepesi, au alikuwa anatazama simu.

Jaribio ambalo lingenifanya nibadili msimamo linaweza kufanyika. Mkalishe mtu kati ya ndugu na mgeni, mvalishe miwani inayorekodi macho yake yanapotua, na uhesabu ile miayo tu aliyoitazama usoni kwa muda uleule. Ndugu akiendelea kuambukiza zaidi baada ya hesabu hiyo, nitawarudishia Norscia na Palagi hoja yao yote.